Dawa mbili kwa mtoto, ziwa la mama, na kidonge cha kuongeza damu

"Shikamoo daktari. Mimba yangu ina wiki 37. Wiki ya 12 nilipimwa nikaambiwa sina VVU, wiki ya 33 wakanipima tena nikakutwa navyo. Nilianza vidonge siku ileile na sijaruka hata kimoja, lakini juzi majibu ya wingi wa virusi yametoka 2,400. Nesi anasema mwanangu atakunywa dawa mbili mpaka afike miezi mitatu, wakati mtoto wa rafiki yangu alipewa moja tu, wiki sita. Halafu ananiambia ninyonyeshe, na wifi yangu aliye nchi nyingine alikatazwa kabisa. Nimwamini nani? Maji yetu ni ya kisima, na mama mkwe tunaishi naye, hajui kitu. Vidonge vyote nameza usiku nikienda kulala, pamoja na vile vya kuongeza damu."

Marahaba, mama. Nesi wako, nesi wa rafiki yako na madaktari wa wifi yako wote wako sahihi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwanamke tofauti mbele yake. Tutafika huko. Lakini naanza na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitupia tu mlangoni kama mtu anayeaga, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara mbili.

Kidonge unachomeza, kama kopo lake limeandikwa TLD, kina dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hiyo ya tatu ndiyo inayoshusha virusi kwa kasi, na ndiyo sababu wajawazito waliochelewa kugundulika wanapewa hiyo. Ina udhaifu mmoja. Ikikutana tumboni na madini ya chuma au kalsiamu hushikamana nayo, na ikishashikamana haipenyi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu. Inapita tu na kutoka na choo. Vidonge vya kuongeza damu ni madini ya chuma. Ukivimeza pamoja na TLD wakati wa kulala, saa nyingi baada ya chakula, unaweza usiruke dozi hata moja na bado kila usiku ukapata sehemu tu ya dawa uliyomeza.

Marekebisho ni mepesi. Vidonge hivi vinaweza kumezwa kwa pamoja iwapo vinaenda na mlo kamili, maana chakula kinapunguza ule mshikamano. Au unavitenganisha: TLD imezwe angalau saa mbili kabla ya chuma, au saa sita baada yake. Mimi huwaambia wajawazito wachague njia isiyohitaji hesabu. Cha damu saa saba mchana na chakula, TLD saa tatu usiku, basi. Na kama kiungulia kinakusumbua, jambo la kawaida kwa mimba ya wiki 37, angalia dawa unayotafuna. Nyingi zina magnesiamu au alumini, nazo hushikana na dolutegraviri vilevile, na hizi hata mlo hausaidii. Lazima zitenganishwe kwa saa zilezile.

Je, chuma ndicho kilichokuletea 2,400? Siwezi kusema, kwa sababu hukupimwa wingi wa virusi siku uliyoanza dawa. Mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa na virusi laki kadhaa katika mililita moja ya damu, hata milioni. Dolutegraviri ikiingia mwilini vizuri, kwa wiki nne hivi huvishusha hadi kama sehemu moja ya mia. Kwa hiyo kama ulianzia 240,000, basi 2,400 ni mwendo mzuri kabisa na hakuna kilichoharibika. Kama ulianzia 10,000, kuna kitu kinakuibia dawa, na mshukiwa wa kwanza ni kile kidonge cha kuongeza damu. Jibu la juzi peke yake haliwezi kutofautisha haya mawili. Badilisha saa za kumeza leo, mwambie nesi ulikuwa unamezaje, na uombe damu ichukuliwe tena ndani ya siku chache zijazo, usingoje mpaka ujifungue.

Muda umebana lakini haujaisha. Utafiti wa DolPHIN-2, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliwachukua wanawake walioanza dawa mimba ikiwa imetimiza wiki 28 au zaidi. Kati ya waliopewa mchanganyiko wenye dolutegraviri, 74 kwa kila 100 walijifungua wakiwa na virusi chini ya 50. Kwa waliopewa dawa ya zamani, efavirenzi, walikuwa 43.

Sasa tuje kwa mtoto na dawa zake mbili.

Rafiki yako, naamini, alishika mimba akiwa tayari yuko kwenye dawa na virusi vyake vimefubaa. Mtoto wa mama kama huyo anahesabiwa kuwa na hatari ndogo, na nevirapini peke yake kwa wiki sita inamtosha. Kwako ni tofauti. Wiki ya 12 hukuwa na virusi, au vilikuwa vichanga mno kiasi kwamba kipimo hakikuviona. Kwa vyovyote vile, maambukizi yako ni mapya na yamekukuta ukiwa na mimba. Wiki za mwanzo za maambukizi ndizo virusi vinapopanda juu kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mwili haujajifunza bado kupambana navyo, na mtoto wako alikuwa upande wa pili wa kondo wakati hayo yakitokea. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamweka kwenye kundi la hatari kubwa mtoto ambaye mama yake aliambukizwa wakati wa mimba au wa kunyonyesha. Humo humo yumo mtoto wa mama aliyetumia dawa chini ya wiki nne kabla ya kujifungua, na wa mama mwenye virusi zaidi ya 1,000 katika wiki nne za mwisho. Sababu moja ingetosha. Wewe leo unazo mbili.

Hapa ndipo ninapowaona hata wahudumu wazoefu wakiteleza. Tuseme umebadilisha saa za kumeza, na wiki ijayo jibu linatoka 40. Utafurahi, na una haki. Lakini mtoto hahami kundi. Ile sababu ya maambukizi kukukuta mjamzito haifutwi na jibu zuri la baadaye, kwa hiyo dawa mbili zinabaki palepale. Akitokea mtu chumba cha kujifungulia, akatazama lile jibu la 40 na kusema nevirapini inatosha, mkumbushe tarehe ya kipimo chako cha wiki ya 12.

Dawa hizi si tiba, kwani tunazitoa tukitumaini mtoto hana virusi. Wakati wa kuzaliwa, mtoto anapita kwenye damu na majimaji ya mama, mengine anayameza. Kirusi kikiingia kwenye chembe ya mwili wake kinahitaji kwanza kujinakili ndipo kiote mizizi, na katika nafasi hiyo ndogo ndipo dawa inapotakiwa iwe imeshafika. Nevirapini na zidovudini, ndizo dawa zake mbili, zote huzuia kunakiliwa huko, kila moja kwa namna yake. Tunatumia mbili kwa sababu nevirapini ina tatizo moja: badiliko dogo tu katika kirusi linatosha kuifanya isifue dafu. Pale virusi vinapokuwa vingi, uwezekano kwamba mmojawapo analo badiliko hilo si mdogo. Zidovudini inakuwepo kumdaka huyo. Kuna nchi ambako watoto wa kundi hili hupewa dawa tatu. Ukisikia hivyo usishangae, hesabu ni ileile.

Dozi ya kwanza itolewe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa sita tangu azaliwe. Zikishapita saa 72 faida ya kuanza kinga inapungua sana. Kwa sababu hiyo, muulize nesi sasa kama unaweza kupewa chupa hizo mapema ukae nazo, hasa kama uchungu unaweza kukushika usiku na safari ni ndefu.

Tuchukulie mwanao amezaliwa na uzito wa kilo 2.5 au zaidi. Kwa wiki sita za kwanza atapata nevirapini miligramu 15 mara moja kwa siku, na zidovudini miligramu 15 mara mbili, asubuhi na jioni. Dawa hizi za maji kwa kawaida zina miligramu 10 katika kila mililita moja, kwa hiyo kila dozi ni mililita 1.5. Akizaliwa na uzito kati ya kilo 2 na 2.5, kila dozi ni mililita 1. Chini ya hapo kipimo kinahesabiwa kwa kilo, na hilo waachie wahudumu.

Zidisha umakini kwenye ile nukta. Nakumbuka mama mmoja aliyekuja kliniki na mtoto wa wiki mbili, chupa ya nevirapini ikiwa imekwisha muda mrefu kabla ya siku yake. Nikamwomba anioneshe anavyovuta dawa. Akaingiza sirinji kwenye chupa, akavuta taratibu kwa mkono uliotulia, akasimamisha kwenye mstari wa 5. Alikuwa ameelekezwa kwa mdomo tu, "moja na nusu," na kwenye sirinji yake ya mililita 5 mstari mdogo wa katikati ya 1 na 2 haukuwa na namba, basi akaifuata namba ambayo mawazoni mwake ndiyo nusu, ile tano inayoandikwa baada ya nukta. Mtoto alikuwa mzima, tulimpima na kumfuatilia. Tangu siku hiyo sitoi chupa bila kufunga utepe kwenye sirinji pale hasa dawa inapotakiwa kuishia, na bila mama kuvuta mbele yangu mara mbili, mara ya kwanza kwa maji na ya pili kwa dawa yenyewe. Omba ufanyiwe hivyo. Sirinji ya mililita 2 ni bora kuliko ya 5. Tikisa chupa ya nevirapini kabla ya kuvuta kwa sababu dawa hutuama chini. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Baada ya hapo usirudie.

Wiki sita zikiisha, mtoto wa kundi lake anayenyonya anaendelea kwa wiki sita nyingine, ama na dawa zote mbili au na nevirapini peke yake. Nevirapini wakati huo inapanda kuwa miligramu 20, yaani mililita 2, mara moja kwa siku. Wapo mama wanaoendelea na 1.5 ileile ya mwanzo kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mtoto amekua. Na zile wiki 12 usizichukue kama sheria ya kalenda. Wiki sita za pili zipo kwa ajili ya kumfunika mtoto mpaka damu yako iwe salama. Kwa hiyo kabla chupa ya mwisho haijaisha, uwe na jibu jipya la wingi wa virusi mkononi. Kama bado viko juu, dawa ya mtoto isikatwe kwa kuwa tu siku zimetimia. Zungumza na daktari wenu kuhusu kuendelea, na wakati huohuo atafute kwa nini dawa yako haifanyi kazi.

Zidovudini inaweza kupunguza damu ya mtoto. Akipauka viganja na midomo, akachoka kunyonya au kuhema haraka, mpeleke akapimwe damu. Nevirapini mara chache huleta vipele. Vipele vikija na homa, malengelenge au macho kuwa ya njano, usingoje kesho.

Kuhusu ziwa, nitakwambia ninavyofikiri, halafu uamuzi ni wako.

Wifi yako alikatazwa kwa sababu anakoishi maji ya bomba ni salama, maziwa ya kopo hayakatiki na hospitali iko karibu. Mahali kama hapo mtoto asiyenyonya haponzwi na kopo, na hatari ya VVU kupitia maziwa inabaki sifuri. Na hata nchi hizo sasa nyingi zimelegeza: mama ambaye virusi vyake vimefubaa anakaa na daktari wake wakajadiliana, hakatazwi moja kwa moja. Mahali ambapo maji ni ya mashaka, mizani inapinduka. Mtoto wa kopo anapata kuhara na nimonia zaidi, na hayo huua watoto wachanga haraka kuliko VVU.

Kwa mama anayemeza dawa vizuri, hatari ya ziwa ni ndogo sana. Utafiti wa PROMISE, uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika pamoja na India, ulikuta kwamba watoto walioambukizwa kwa kunyonya hadi miezi 12, mama zao wakiwa kwenye dawa, hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Lakini nisikufiche. Mama wale hawakuwa wameambukizwa juzi kama wewe. Na hata virusi vikishuka hadi kipimo kisivione, hatari haiwi sifuri, kwa sababu maziwa ya mama yana chembe hai za kinga, na baadhi ya chembe hizo zinaweza kubeba kirusi kilicholala ambacho kipimo cha damu hakikihesabu. Ile kauli kwamba asiyeonekana na virusi haambukizi ilithibitishwa kwa tendo la ndoa. Kwa maziwa hatujafika huko.

Kwa hiyo ninapopima hali yako najiuliza kwanza kuhusu kisima. Je, kila siku, mchana na usiku, kutakuwa na mtu wa kuchemsha maji, kuyatumia yakiwa bado ya moto wa nyuzi 70 au zaidi kukorogea unga, na kuosha vyombo kwa maji yaliyochemka? Halafu kopo: je, litapatikana bila kukatika kwa miezi sita ya mwanzo na zaidi, hata mwezi ambao fedha haikuingia? Na tatu, ambalo mara nyingi ndilo linaloamua, ni mama mkwe. Mtoto akilia usiku na wewe umeshika chupa, atauliza kwa nini humpi ziwa. Nimeona wanawake wengi waliochagua kopo kwa nia njema, kisha mbele ya wageni wakawa wanampa mtoto ziwa kidogo ili watu wasiseme. Hapo mtoto anabeba hatari za pande zote mbili.

Kutokana na ulivyoeleza, ningekushauri unyonyeshe, maziwa yako peke yake kwa miezi sita, huku mtoto akinywa dawa zake zote mbili na wewe ukimeza TLD kama tulivyopanga. Ungekuwa na maji ya uhakika na nyumba isiyo na siri, huku virusi vikiwa bado 2,400, ningekueleza wazi kwamba kopo lingeondoa hatari iliyobaki, na nisingekushawishi vinginevyo.

Neno "peke yake" lina uzito wake. Maji, uji au maziwa ya mnyama yanaweza kuuchubua utumbo mchanga na kumfungulia kirusi mlango. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2007, kabla mama wanaonyonyesha hawajaanza kupewa dawa kama sasa, ulikuta watoto waliochanganyiwa vyakula vigumu na maziwa ya mama waliambukizwa karibu mara 11 ya wale walionyonya tu. Dawa zimepunguza sana pengo hilo, na leo hatumwachishi mtoto ziwa kwa sababu bibi alimpa kijiko cha maji. Ukikuta amempa, endelea kunyonyesha na usivuruge nyumba. Ila mwambie mapema, kabla hujajifungua, kwamba kliniki imekataza mtoto kupewa chochote zaidi ya ziwa na dawa hadi miezi sita. Ni kweli, na wanaambiwa hivyo mama wote, wenye VVU na wasio navyo, kwa hiyo hakuna siri inayotoka. Hata zile chupa za dawa hazilazimiki kueleza zaidi ya hapo.

Linda matiti yenyewe. Chuchu iliyopasuka inatoa damu, na titi lililovimba kwa maambukizi lina virusi wengi zaidi kwenye maziwa yake, hata kama la pili ni zima. Chanzo kikubwa ni mtoto kushika ncha ya chuchu tu. Mdomo wake ufunguke wazi na achukue sehemu kubwa ya ule weusi. Titi moja likiwa jekundu, la moto, lenye uvimbe mgumu na homa juu yake, mpe mtoto lile zima, kamua la ugonjwa mara kwa mara ili lisijae, na uende kliniki siku hiyohiyo. Maziwa uliyoyakamua kutoka titi bovu unaweza kuyasalimisha kwa joto. Yaweke kwenye chombo cha kioo kisichofunikwa, kioo kikae ndani ya sufuria yenye maji yaliyozidi kimo cha maziwa kwa upana wa vidole viwili, washa moto mkali, na mara maji yanapochemka kwa nguvu toa kioo, uache kipoe. Joto hilo linaua kirusi na kuacha virutubisho vingi. Ni njia ya siku chache tu. Mwezi mzima hutaiweza. Mtoto naye, ukiona utando mweupe mdomoni usiofutika, atibiwe, maana vidonda vya mdomoni pia ni mlango.

Baada ya miezi sita anaongezewa chakula na anaendelea kunyonya. Mwongozo unaruhusu mama aliye kwenye dawa kunyonyesha mwaka mzima, na hata hadi miezi 24 au zaidi. Siku ukiamua kuacha, usiache ghafla. Matiti yakijaa bila kunyonywa, virusi kwenye maziwa huongezeka, na mtoto akililia usiku huo utampa. Punguza kidogo kidogo kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Mume wako sijamsikia kwenye barua. Sisemi nani kamletea nani. Ila kama hajapimwa, apimwe, na mtumie kondomu. Kama unahofia atakavyopokea habari hiyo, mwombe nesi akusaidie kumweleza mbele yake, kliniki, siyo nyumbani peke yenu.

Mtoto akizaliwa atachukuliwa matone ya damu ya kisigino kwa kipimo cha PCR kinachotafuta kirusi chenyewe. Mahali pengine hufanywa siku mbili za mwanzo, halafu kati ya wiki ya nne na ya sita. Jibu la "hana" likija akiwa bado anakunywa dawa, lipokee kwa furaha lakini usilifunge kabatini kama la mwisho, kwa sababu dawa kinga zinaweza kuvishusha virusi vichache hadi visionekane, na ziwa bado linaendelea. Anarudiwa akiwa na miezi tisa. Jibu likisema "anavyo", anaanza matibabu siku hiyo, na damu ya pili inachukuliwa kuthibitisha huku dawa zikiendelea. Kuanzia wiki ya nne hadi ya sita ataongezewa pia kotrimoksazoli ya kumkinga na nimonia, na hiyo inaendelea mpaka ijulikane kwa hakika kwamba hana VVU na ameacha ziwa.

Usikubali mtu ampime kwa kile kipimo cha haraka cha watu wazima akiwa mdogo, kisha akakutisha. Kile kinatafuta kingamwili, na mtoto amezaliwa na zako, zinaweza kukaa hadi miezi 18. Kipimo cha kufunga hesabu kinafanywa akitimiza miezi 18, au miezi mitatu baada ya kuacha kabisa kunyonya, kutegemea lipi linakuja mwisho. Ukimwachisha akiwa na mwaka mmoja, ni mwezi wa 18. Ukimnyonyesha mpaka mwezi wa 18, basi andika kwenye kadi yake mwezi wa 21.